Mshumaa, pipa, bisi au sarafu: uanzie wapi ukitaka mtu aelewe nusu-uhai

Kamwene wadau. Mi nafundisha fizikia hapa Iringa, na wikiendi huwa natembeza wageni pale Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale, kama kilomita 20 kutoka mjini ukishika barabara ya Mbeya. Na kila kundi, liwe la wanafunzi au la kina mama wa kikoba waliokodi Kosta, swali ni lilelile: mmejuaje kwamba hivi vitu vina miaka 260,000? Afu ukianza tu kujibu kuna mmoja anakuja na la pili, mbona msingepima kwa kaboni kama tunavyosikia redioni?

Hilo la pili ndo zuri, maana jibu lake ni kwamba kaboni haiwezi kufika huko, na huwezi kuelewa kwa nini haifiki mpaka uelewe nusu-uhai. Kaboni 14, aina ya kaboni ambayo kiumbe anaiingiza akiwa hai na akifa anaacha, nusu-uhai wake ni miaka 5,730. Yaani ukiwa na lundo la hizo atomu leo, baada ya miaka 5,730 nusu yake itakuwa imegeuka naitrojeni, afu nusu ya iliyobaki itageuka kwenye miaka 5,730 inayofuata, na kuendelea. Ukiisoma hivyo inaonekana rahisi, ila ukimwambia mtu hivyohivyo anaitikia kwa kichwa na dakika mbili baadaye unagundua hajaelewa kitu. Ndo maana natumia ngazi ya mifano: unaanza na kitu anachokijua jikoni kwake, unapanda kidato kimojakimoja, na kila kidato kinarekebisha kosa la kidato cha chini yake mpaka unafika kwenye atomu yenyewe. Ugumu uko kwenye kidato cha kwanza, kwa sababu ukikosea pale, kosa linapanda na wewe mpaka juu.

Nimejaribu mianzo minne na nitailinganisha hapa. Nachukulia kwamba msomaji naye anataka kuelezea hii kitu kwa watu wa kawaida, awe mwalimu, mtangazaji au muongoza wageni kama mimi.

Kwanza niseme napimaje kama ngazi imefanya kazi, maana kuuliza "mmeelewa?" hakusaidii, wote watasema ndiyo. Nina maswali mawili. La kwanza: mti umekufa miaka 11,460 iliyopita, kaboni 14 yake imebaki kiasi gani? Akisema haipo kabisa, ngazi imevunjika, jibu ni robo. La pili ndo gumu: chukua atomu mbili za kaboni 14, moja imetengenezwa leo asubuhi kule juu angani, nyingine imekaa ndani ya mfupa miaka 30,000, ipi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kugeuka kesho? Jibu ni kwamba ziko sawasawa kabisa. Atomu haizeeki. Mtu akijibu hilo bila kusita ujue kafika.

Sasa mshumaa. Huu ndo wengi wanaukimbilia na nilianza nao hata mimi. Mshumaa unapungua, ukiona urefu uliobaki unajua umewaka muda gani, saa ya asili hiyo. Faida yake ni moja tu, kwamba ndani ya sekunde 10 mtu anakubali kuwa kitu kinachopungua kinaweza kuwa saa. Lakini mshumaa unaungua kwa kasi ileile mwanzo mpaka mwisho. Nusu ikiisha kwa saa moja, nusu nyingine inaisha kwa saa moja, halafu giza. Kwa hiyo ukimuuliza swali la 11,460 atakwambia imeisha, na atakuwa sahihi kwa mujibu wa mshumaa uliompa wewe mwenyewe. Kuna mama mmoja, kiongozi wa kundi lake, alinijibu hivyo mbele ya wenzake na nilipomwambia hapana ni robo akaniuliza, "Mwalimu, kwani mshumaa wako una nusu ngapi?" Sikuwa na jibu la kumpa kwa kutumia mshumaa, na tangu siku ile nimeuacha.

Pipa linalovuja ni bora kidogo. Unachukua pipa lenye kuta zilizosimama wima, unatoboa tundu dogo chini, unajaza maji. Likiwa limejaa maji yanaruka kwa nguvu, yakipungua yanatoka kwa unyonge. Hapo umepata kitu ambacho mshumaa haukuwa nacho: kadiri kilivyobaki kidogo ndivyo kinavyoondoka polepole. Kwa watu wanaochota maji kila siku hii inaingia mara moja, hata huhitaji kuleta pipa.

Tatizo la pipa limejificha na wengi hawalioni, hata vitabu vingine vinalitumia bila onyo. Kasi ya maji kwenye tundu inafuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji, haifuati kimo chenyewe. Maana yake pimia mwenyewe: kama nusu ya kwanza imetoka kwa dakika 10, basi kufika robo itachukua dakika nyingine 7 tu, sio 10, na pipa litakuwa tupu kabisa kwenye dakika ya 34 hivi. Yaani nusu-uhai wa pipa unazidi kufupika kila hatua, na mwisho upo, unaujua hata saa yake. Kwenye kaboni nusu-uhai haubadiliki, nusu ya kwanza na nusu ya 5 zote zinachukua miaka 5,730. Mtu mwenye saa ya mkononi na udadisi akienda kulijaribu nyumbani atarudi na namba zinazokupinga. Na kwenye swali langu la pili pipa halisemi chochote, kwa sababu maji ni kitu kimoja kinachotiririka, hakuna tone ambalo unaweza kuuliza habari zake.

Bisi ndo watu wanaipenda kuliko zote. Sufuria, mafuta kidogo, mahindi ya bisi, funika, sikiliza. Hapa kwa mara ya kwanza tuna vitu vingi vidogovidogo, kila kimoja na zamu yake, na hakuna anayeweza kunyooshea kidole punje fulani akasema hii ndo inafuata, ila sufuria nzima unajua itakuwa tayari baada ya dakika ngapi. Hilo ndo wazo la katikati kabisa la hii mada: moja halitabiriki, wengi wanatabirika. Nilivyoieleza hivyo kwa kundi moja lililotoka Tukuyu waliielewa palepale, kuna dada akasema hiyo ni kama mvua ya kwetu, hujui tone litaangukia wapi ila shamba lote litalowa.

Sasa angalia bisi inaharibia wapi. Ukisikiliza sufuria, mwanzo kimya, afu pa, papa, afu zinachachamaa zote kwa pamoja, afu zinapungua. Kaboni haifanyi hivyo, kaboni inachachamaa kuliko wakati wote mwanzoni kabisa, pale lundo likiwa kubwa, na kutoka hapo ni kupungua tu. Sababu ya tofauti ni kwamba punje inapata moto, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke, presha inapanda mpaka ganda linapasuka, kwa hiyo punje iliyokaa dakika 3 imekaribia kupasuka kuliko iliyowekwa sasa hivi. Punje inaiva. Atomu haiivi! Ukimfundisha mtu kwa bisi peke yake, swali la pili atakosea, atasema ile ya miaka 30,000 ndo inakaribia kugeuka, na atasema kwa kujiamini.

Na kuna kosa la pili kwenye bisi ambalo sikuliona mpaka nilipoulizwa. Bisi inahitaji moto. Sasa sampuli nyingi za kupima kaboni ni mkaa wa kale, kuni za watu wa zamani. Mgeni mmoja akaniuliza, kama huu mkaa ulishachomwa, si saa yake ilikimbizwa na ule moto? Swali la maana sana na limeletwa na mfano wangu. Jibu ni kwamba moto unahangaika na elektroni tu, zile za nje ya atomu, na mgeuko wa kaboni 14 unatokea kwenye kiini, ndani kabisa, ambako joto la jiko halifiki. Ukichoma, ukigandisha, ukitumbukiza mtoni, nusu-uhai ni 5,730 palepale.

Inabaki sarafu. Hapa unahitaji sarafu 100 za shilingi 100, ambazo ni elfu kumi tu na utarudi nazo nyumbani, mi huwa nachenji kwa makonda wa daladala. Weka kwenye debe, tikisa, mwaga kwenye sinia. Zote zilizoonyesha sura ya Nyerere zimegeuka, zitoe. Zilizoonyesha swala zimebaki, zihesabu, zirudishe kwenye debe, mwaga tena. Kila kumwaga ni miaka 5,730. Mara ya mwisho nilivyofanya na wageni tulipata 100, 46, 24, 13, 5, 3, 1, tena 1, ndo ikaisha. Mwambie mtu aziandike ukutani kwa chaki, hiyo ni muhimu, maana wanaona wenyewe kwamba mwago wa pili haukumaliza, ulibakiza robo hivi. Swali la 11,460 linajijibu.

Na swali la pili nalo linajibika, kwa namna ambayo siwezi kuipata kwenye mfano mwingine wowote. Ile sarafu moja iliyobaki baada ya miago 6 unaishika mkononi unawauliza, hii imekoswakoswa mara 6, je sasa imechoka, mwago unaofuata lazima itoe Nyerere? Wanacheka, wanajua sarafu haina kumbukumbu. Na kweli mara ile ilitoa swala tena. Basi unawaambia, atomu ni hivyohivyo, na huna haja ya kuongeza neno.

Kwa hiyo kama ni kuchagua mwanzo mmoja mi nasema sarafu, bila kusitasita. Lakini sarafu nayo inavunjika, na hapo ndo ngazi inaanza kuwa ngazi. Inavunjika kwa sababu watu wanabaki na picha kwamba atomu zinakaa kimya miaka 5,729 afu mwaka unaofuata nusu zinageuka kwa mkupuo, kama kuna mtu anamwaga debe. Niliwahi kuulizwa kabisa, mwago uliopita ulikuwa mwaka gani?

Kidato cha pili kinaziba hapo: vibao vya dadu. Nilimpa fundi seremala masalia ya mbao za paini akanikatia vipande 60 vya pande sita, kila kimoja tukapaka rangi nyekundu upande mmoja tu. Unamwaga, chenye nyekundu juu kinatoka. Sasa mwago mmoja hautoi nusu, unatoa kama 10 kati ya 60. Inabidi umwage mara 4 ndo ubaki na 29 hivi, karibu nusu. Hapo watu wanaona kitu kipya, kwamba nusu-uhai si tukio, ni matokeo ya bahati ndogo inayojirudia. Bahati ikiwa ndogo zaidi nusu-uhai unakuwa mrefu zaidi. Wanaopenda hesabu wape swali, dadu lingekuwa na pande 20 ingekuwaje? Wengine waache waendelee na dadu zao.

Kidato cha tatu hakihitaji vifaa. Sema hivi: dadu la kaboni 14 lina pande 8,267, upande mmoja tu ni mwekundu, na linamwagwa mara moja kwa mwaka. Ukiwa na atomu 8,267, mwaka huu utegemee moja tu kuondoka. Hiyo namba sijaibuni, ni 5,730 ukigawanya kwa 0.6931. Hapo umefika kwenye atomu karibu kabisa, na unasema wazi palipobaki pengo: hakuna anayelimwaga hilo dadu, wala mwaka hauna maana yoyote kwa atomu, bahati ile imesambaa kwenye kila sekunde. Huwa nalisema hili kwa sauti kabla hawajauliza. Kila kidato nasema kinapovunjika kabla ya kupanda kinachofuata, kwa sababu mtu asipoambiwa anabeba mfano mzima, na makosa yake yote.

Sasa rudi Isimila na sarafu zako. Miaka 260,000 ni miago 45 na kidogo. Gramu moja ya kaboni kutoka kwenye mti wa leo ina atomu za kaboni 14 kama bilioni 60. Ni nyingi, lakini kuzikata nusu mara 36 tu unabakiwa na moja. Yaani kwenye miaka laki mbili na kidogo gramu yako imeshakauka, na sisi tunatafuta ya 260,000. Ungehitaji zaidi ya nusu kilo ya kaboni safi ili utegemee kukuta atomu moja. Nikifika hapa wageni wananyamaza, wanaangalia debe, wanaangalia yale mawe.

Kiutendaji maabara wanakwama mapema zaidi, kwenye miaka 50,000 hivi, kama miago 9, ambapo imebaki moja kati ya 512. Kinachowakwamisha ni uchafu. Mzizi mdogo ulioingia kwenye mfupa, maji yenye mboji, mkono wa mtu. Mfupa ambao hauna kaboni 14 hata chembe, ukichanganyika na asilimia 1 ya kaboni ya leo, mashine itakwambia una miaka 38,000 hivi. Itakupa namba, na namba itakuwa ya uongo. Kwa sarafu unalionyesha vizuri sana: subiri ibaki moja, afu dondosha tatu mpya kwenye sinia bila kusema, uwaulize hili lundo limemwagwa mara ngapi.

Ukitaka mfano wa huku kwetu ambapo kaboni inafaa, ni Rungwe. Mlima ulilipuka vibaya karibu miaka 4,000 iliyopita na yale mawe mepesi yake bado yanaonekana ukipita penye kingo za barabara zilizochongwa kule Tukuyu. Kitu kilichokufa wakati ule kina kaboni 14 kama asilimia 62 ya ile ya mwanzo. Haujafika hata mwago mmoja. Kwa hiyo wageni wa kutoka Mbeya huwa naanzia kwao, Rungwe kwanza, afu ndo Isimila, inawaingia haraka.

Kama huna sarafu wala muda, tuseme uko redioni au umesimama kwenye gari dakika 5, basi tumia bisi, ila useme palepale kwamba punje inaiva na atomu haiivi. Sentensi hiyo moja inaokoa mfano mzima. Pipa mi nalitumia sehemu moja tu, kwa mtu ambaye neno bahati linamkera, wapo, wanaona kama unawaambia wanasayansi wanabahatisha. Huyo mwanzishe na maji, aone kwamba kikibaki kidogo kinatoka kidogo, afu taratibu umlete kwenye sarafu. Mshumaa mwachie Tanesco ikikatika.

Na wakishaelewa hayo watauliza, sasa hizo 260,000 mmezipata wapi. Zilipatikana kwenye mifupa, kwa urani, na matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Hapa ngazi ya sarafu bado inakubeba ila unabadilisha unachohesabu: badala ya zilizobaki kwenye debe, unahesabu zilizotolewa. Urani inayeyuka kwenye maji ya ardhini na kuingia kwenye mfupa, thori haiyeyuki, kwa hiyo mfupa unaanza bila thori na thori yote unayoikuta imezaliwa humo ndani na urani iliyogeuka. Nusu-uhai wa ile thori 230 ni kama miaka 75,000, kwa hiyo saa inafika mbali kuliko kaboni. Kosa lake ni kwamba mfupa unaweza kuendelea kunywa urani baadaye, kama mtu anayeongeza sarafu kwenye debe mchezo ukiendelea, na umri wenyewe ulitolewa na nafasi ya miaka 70,000 juu na 40,000 chini. Hiyo nafasi nayo naitaja kila mara, hata kwa watoto, na nikiitaja huwa nina sarafu mbili tatu mkononi za kudondosha.